Fedha Ikishavuka Ziwa: Majibu kwa Wanaosema Kumlipa Muuzaji wa Ng'ambo ni Jambo Rahisi

Kabonga iko ukingoni kabisa mwa Burundi, kusini ya Nyanza-Lac, mahali ambapo ukipanda boti huchukui muda kufika Kagunga upande wa Tanzania, na ukiendelea kusini unaipita Gombe kisha unaingia Kigoma. Mwaka 2015 dunia nzima ilisikia habari za mwambao huu kwa sababu ya maelfu ya watu waliovuka kukimbilia Kagunga. Siku za kawaida ni mwambao wa biashara: ndagala, mawese, sabuni, mabati, vipuri. Na tangu simu zenye intaneti zienee, watu wa hapa na wa Rumonge hawasubiri tena tajiri wa Bujumbura awaletee kitu. Wanaandikiana wenyewe na viwanda vya China kutafuta nyavu, taa za sola za kuvulia usiku na mashine za kukamua mawese.

Kuagiza si tabu. Tabu ni kulipa. Na juu ya kulipa kuna maneno yanayopokezwa kutoka mtu hadi mtu, mengine ya kweli nusu, mengine yamewafilisi watu. Nayajibu hapa moja baada ya jingine, na ili tusiongee hewani tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Tuseme kikundi cha wenye michikichi kinataka mashine ya kukamua yenye parafujo pamoja na injini yake ya dizeli. Muuzaji yuko mkoa wa Henan, ambako mashine za namna hii zinatengenezwa kwa wingi, na mzigo utapakiwa bandari ya Qingdao. Profoma inasema dola 4,800, masharti FOB Qingdao, malipo kwa T/T: asilimia 30 kwanza, yaani dola 1,440, na dola 3,360 zilizobaki kabla ya mzigo kupakiwa. Hayo ni masharti ya kawaida kabisa. Mwizi huyaandika vilevile kama mwaminifu.

"Nikipitisha benki niko salama, kwa sababu benki ina kumbukumbu zote."

Kumbukumbu zipo, ni kweli. Ila zinathibitisha jambo moja tu: kwamba wewe uliagiza fedha ziende. T/T ni amri unayoipa benki yako isukume dola mpaka kwenye akaunti uliyoiandika. Amri hiyo hupita kwa benki ya kati, ambayo kwa dola mara nyingi iko New York, kisha hufika benki ya muuzaji. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo anayeuliza kama mashine ipo. Fedha zikishaingia kwenye akaunti ya mpokeaji, benki yako inaweza kutuma ujumbe wa kuomba zirudi, lakini ni ombi. Benki ya upande wa pili itamuuliza mwenye akaunti kama anakubali, na mwizi hakubali. Kinachoweza kuzishika ni kuzuiwa kwa akaunti kabla hajazitoa.

Serikali nzima imelionja hili. Novemba 2024 Wizara ya Fedha ya Uganda ilikiri bungeni kwamba akaunti zake kwenye Benki Kuu zilikuwa zimeingiliwa. Fedha zilizokusudiwa kulipia madeni ya taasisi za kimataifa zilielekezwa kwenye akaunti za kampuni zilizoko Japani na Uingereza. Zile za Uingereza ziliwahiwa kwa sehemu kubwa. Za Japani zilikuwa zimeshapokelewa. Mwaka uliofuata maofisa wa wizara walifikishwa mahakamani, kesi ambayo ina njia yake. Kwa mnunuzi mdogo la kushika ni hili: malipo yalipita benki halali, kwa taratibu za benki, yakaenda pasipo pake.

Hata kwa muuzaji wa kweli hatari huja kwa mlango huohuo, nayo inafanana sana na ule ujumbe ambao kila mwenye laini ya Tanzania ameshaupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mmeongea na muuzaji wa Henan mwezi mzima. Siku mbili kabla ya kulipa inakuja barua pepe, yenye historia yote ya mazungumzo yenu chini yake, ikisema akaunti yetu iko kwenye ukaguzi wa hesabu, tafadhali lipeni kwenye hii ya Hong Kong. Aliyeiandika ameingia kwenye barua pepe ya muuzaji au yako, amesoma kila kitu, akasubiri. Mara nyingine hutumia anwani inayofanana, ile herufi `m` ikiwa imeandikwa `rn`, na kwenye kioo cha simu huoni tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu ya benki, angalia msimbo wa SWIFT ulioko kwenye profoma. Herufi ya tano na ya sita ndizo nchi ya benki. `BKCHCNBJ` ni Benki ya China iliyoko China bara, kwa sababu ya `CN`. `BKCHHKHH` ni ya Hong Kong, kwa sababu ya `HK`. Muuzaji wa Henan akikupa msimbo ambao mahali hapo pana herufi za nchi nyingine, kuna maswali ya kujibiwa. Akikupa namba ya IBAN, jua akaunti haiko China, maana China haitumii IBAN. Hong Kong peke yake si wizi, kwa kuwa kampuni nyingi halali zina akaunti huko, lakini kampuni ya huko hufunguliwa haraka kwa jina linalokaribiana na la kiwanda chochote. Ndiyo maana kulinganisha jina peke yake hakutoshi. Mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si iliyo kwenye barua mpya, kwa video, na umsikie akisoma namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Akaunti ikibadilika katikati ya biashara, simamisha malipo mpaka hilo lifanyike, hata kama meli inaondoka kesho.

Pamoja na hayo siidharau T/T. Ni rahisi kwa gharama, viwanda vinaipenda, na ule mgawanyo wa 30 kwa 70 unakupa nguvu ukiutumia. Kosa la wengi ni kuacha profoma iseme asilimia 70 italipwa "kabla ya kupakia" basi, bila kusema baada ya nini. Andika kwamba italipwa baada ya mkaguzi uliyemchagua wewe kuiona mashine ikizunguka kiwandani. Kampuni za ukaguzi kama SGS, Bureau Veritas na Intertek hufanya kazi hiyo China, na siku moja ya mkaguzi huwa kati ya dola mia mbili na mia tatu hivi. Kwa mzigo wa dola 4,800 hiyo inauma. Inauma kidogo kuliko kupoteza dola 3,360.

"Ana leseni, ana picha za kiwanda, huyo ni wa kweli."

Leseni ni karatasi, na karatasi hunakiliwa. Kila kampuni ya China bara ina namba moja ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, na serikali yao ina tovuti ya kuitafutia, `gsxt.gov.cn`. Iko kwa Kichina, lakini mtu mwenye subira na simu yenye tafsiri anaweza. Pale utaona jina kamili la kampuni, mwaka ilipoanzishwa na shughuli iliyosajiliwa kuifanya. Ukikuta imeandikishwa kuuza nguo, au ilianza miezi mitatu iliyopita ilhali muuzaji anadai uzoefu wa miaka ishirini, umeshapata jibu.

Ila mwizi mwenye akili hukutumia leseni ya kiwanda cha kweli ambacho hakimjui. Kwa hiyo fuata jina: lililo kwenye leseni, lililo kwenye profoma, lililo kwenye mhuri na lililo kwenye akaunti ya benki ni lazima liwe moja, herufi kwa herufi. Akaunti ya mtu binafsi, hata akisema ni ya meneja au ya mkewe, hapana. Kisha omba simu ya video, atembee bila kuikata kutoka kwenye bango la getini mpaka kwenye mashine, ambayo juu yake kumebandikwa karatasi yenye jina la kikundi chenu na tarehe ya siku hiyo. Mwenye kiwanda huona ni ombi la kawaida. Mwenye picha za kuazima ataanza kuzungumzia ubovu wa mtandao.

"Nimeagiza kupitia Alibaba, kwa hiyo fedha zangu zinalindwa."

Hapa ndipo nawaona watu waangalifu wakianguka, kwa sababu wameamini kitu ambacho kina ukweli ndani yake. Ulinzi wa Alibaba unaoitwa `Trade Assurance` upo na unafanya kazi. Fedha hushikwa, muuzaji asipopeleka mzigo kwa wakati au akipeleka usiolingana na mkataba, unaweza kudai. Ila unalinda oda iliyofunguliwa ndani ya jukwaa na kulipwa ndani ya jukwaa. Mlijuana Alibaba, mkahamia WhatsApp, akakupa profoma ya pembeni kwa punguzo la dola 150: hapo umeshatoka. Jukwaa halitakusikiliza. Punguzo lenyewe mara nyingi si hila, muuzaji anakwepa tu makato, lakini ukilikubali umeuza ulinzi wako kwa dola 150.

Ndani ya jukwaa pia kuna mambo matatu yanayomhusu hasa mtu wa Kabonga.

La kwanza ni maneno ya mkataba. Mwamuzi wa jukwaa hajui mawese. Anasoma kilichoandikwa kwenye oda na kulinganisha na ushahidi wako. Ukiandika "mashine ya kukamua mawese, seti moja," basi kitakachofika chochote chenye parafujo kinatimiza mkataba. Andika kilo ngapi za matunda yaliyochemshwa kwa saa, injini ya dizeli ya nguvu gani na inawashwa kwa nini, parafujo na kichujio ni cha chuma gani, vipuri vingapi vya akiba, volti ngapi kama kuna mota. Hayo ndiyo utakayoyapima na ndiyo utakayoyadai.

La pili ni saa. Muda wa kudai huanza kuhesabiwa pale mfumo unapoona mzigo umepokelewa, kisha hufungwa. Sasa fikiria njia ya mzigo wetu. Wengi huku hawana kontena zima, kwa hiyo mzigo hupelekwa kwenye ghala la wakala wa kuunganisha mizigo nchini China, unasubiri wa wengine, unapakiwa, unafika Dar es Salaam, unatolewa bandarini, unakwenda Kigoma kwa lori au treni, na mwisho unapanda boti. Ni miezi miwili au mitatu mambo yakienda sawa. Mfumo lakini unaweza kuhesabu umepokea siku ile ghala lilipotia saini. Siku utakapofungua sanduku Kabonga na kukuta injini ya umeme badala ya dizeli, mlango wa madai utakuwa umefungwa kitambo. Dawa yake ni kukagua ghalani China, kabla ya kupakia: mlipe wakala wa ghala afungue sanduku, apige picha bamba la namba za injini, awashe mashine na kurekodi. Na wewe usibonyeze kitufe cha kuthibitisha kupokea kabla hujaiona hiyo video, hata muuzaji akikubembeleza vipi.

La tatu ni nani aliyelipa. Watu wengi wa mwambao huu hawana kadi inayokubali dola, kwa hiyo humwomba mtu wa Kigoma au Dar alipe kwa kadi yake. Kumbuka kwamba marejesho ya jukwaa hurudi kwa njia ileile fedha zilikotokea. Ukishinda madai, dola zitarudi kwa mwenye kadi, na jukwaa halitambui makubaliano yenu. Oda ifunguliwe kwa jina la kikundi, na makubaliano na mwenye kadi yaandikwe kabla, yakitaja namba ya oda na kwamba rejesho lolote ni la kikundi.

Kuhusu makato, kulipa kwa kadi kwenye jukwaa hilo huongeza karibu asilimia 3, yaani dola 144 kwa mashine yetu. Kadi nayo ina haki yake ya pembeni ya kupinga malipo kupitia benki iliyoitoa, ikiwa bidhaa haikufika. PayPal pia inampa mnunuzi siku 180 tangu alipe kufungua malalamiko, ila kwa malipo ya bidhaa au huduma tu. Muuzaji akikuomba umtumie kwa chaguo la ndugu na marafiki ili kukwepa makato, anakuomba uuvue ulinzi wenyewe.

"Basi tutumie eskro, hiyo haina mashaka."

Eskro ni fedha kukaa kwa mtu wa tatu mpaka mnunuzi aseme ameridhika au siku za ukaguzi zipite. Kwa wazo ni bora kuliko yote niliyotaja. Mashaka yanaingia kwa njia mbili.

Ya kwanza ni eskro ya bandia. Muuzaji anakuambia, "Mimi pia naogopa, tutumie kampuni hii," na kukutumia kiungo. Tovuti ni nzuri, ina namba ya kesi na ina mtu wa kukujibu usiku. Unalipa 4,800 zote, kwa sababu eskro kwa kawaida hudai zote, kisha tovuti inapotea. Kanuni ni moja: aliyependekeza eskro asiwe ndiye aliyeichagua. Itafute mwenyewe, andika anwani yake kwa mkono kwenye kivinjari bila kubonyeza kiungo, na uone imepewa leseni na mamlaka gani. Escrow.com, kwa mfano, inasimamiwa chini ya leseni ya jimbo la California, na leseni hiyo unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya msimamizi mwenyewe. Eskro inayokutaka utume fedha kwenye akaunti ya mtu, kwa Western Union au kwa sarafu za mtandaoni si eskro.

Ya pili ni kwamba hata eskro ya kweli hutegemea siku za ukaguzi mlizokubaliana, na tumeshaona umbali wa Qingdao na Kabonga. Muuzaji wa mashine moja ya dola elfu chache hatakubali fedha zake zilale miezi mitatu. Mtakubaliana mashine ikaguliwe China, na ukishafanya hivyo umerudi palepale kwa mkaguzi wa kiwandani. Kwa hiyo kwa mzigo wa ukubwa huu mimi ningechagua jukwaa na ukaguzi ghalani, au T/T ya 30 kwa 70 na ukaguzi kiwandani. Eskro naiona inafaa zaidi kwa kitu kinachofika haraka kwa ndege, kama vipuri vya injini ya boti au vifaa vya sola, ambavyo unaweza kuvishika ndani ya wiki mbili.

Barua ya dhamana ya benki, ambayo humlipa muuzaji akishawasilisha hati za shehena zilizokamilika, naitaja kwa haki yake tu. Ni chombo kizuri kwa kontena kadhaa. Kwa mashine moja, ada za benki mbili na fedha ambazo benki itataka uziweke rehani zitakula faida, na muuzaji mdogo atakataa.

"Nimeshalipa 1,440, sasa kimebaki hiki kidogo tu ndipo mzigo utoke."

Sentensi hii ndiyo iliyoila mitaji mingi zaidi kwenye mwambao huu, na inafanya kazi kwa sababu inaanza na fedha ambayo kweli umeshatoa. Mtego wa malipo tangulizi haukuombi kiasi kikubwa mara moja. Unakuomba kidogo, kwa sababu yenye akili, kisha kingine.

Tuufuate kwa mashine yetu. Kikundi kinalipa 1,440. Baada ya wiki tatu inakuja picha ya mashine iliyofungwa kwenye sanduku la mbao, halafu barua kutoka kwa "kampuni ya usafirishaji" ambayo hamjawahi kuitafuta. Inasema mzigo umeshatoka, umebaki bima ya dola 280 inayorudishwa mkipokea. Mnalipa. Siku nne baadaye mzigo "umeshikwa forodhani" katika nchi ya njiani, inatakiwa hati ya dola 450. Mnalipa. Kisha ada ya kuhifadhi mzigo, dola 95 kwa siku, na kila siku mnayojadiliana inaongezeka. Hapo kikundi kimeshatoa 1,440 na 730, jumla 2,170, na hesabu inayozunguka kichwani si "je, mashine ipo?" bali "tukiacha sasa tumepoteza 2,170." Mwizi anaishi ndani ya hesabu hiyo.

Namna ya kuutambua ni kujua ni malipo gani halali hutokea njiani na huenda kwa nani. Chini ya FOB, muuzaji anagharamia mpaka mzigo uingie melini Qingdao. Nauli ya meli unamlipa wakala uliyemchagua wewe. Ushuru wa Burundi hulipwa kwa OBR, kupitia wakala wa forodha wa hapa, kwa karatasi ya OBR. Hakuna forodha ya nchi nyingine inayoandikia mnunuzi wa Kabonga barua pepe ikimtaka atume dola kwenye akaunti ya kampuni. Bima ya kweli ni gharama, hairudishwi. Ukisikia neno "inayorudishwa" kwenye ada yoyote ya njiani, simama.

Na kuna swali moja linalofungua kila kitu: namba ya hati ya shehena ya meli, jina la meli na namba ya kontena. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na kampuni ya meli ina ukurasa wa kuifuatilia. Ifungue mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli, si kwenye kiungo ulichotumiwa, maana tovuti za ufuatiliaji za bandia zipo na huonyesha mzigo ukisogea siku kwa siku mpaka "uliposhikwa." Kontena lisipojulikana kwa mwenye meli, hakuna mzigo uliokwama, hivyo hakuna ada ya kuukwamua. Bei nayo hunena: mashine ambayo wauzaji kumi wanaitaja kati ya dola 4,500 na 5,200, na huyu peke yake anaitaja kwa 2,600, hiyo bei imewekwa ili usiulize maswali.

"Sisi wadogo dola za benki hatuzipati, kwa hiyo tunampa tu wakala wa Kigoma."

Nusu ya kwanza ni kweli na inaumiza. Burundi ina uhaba wa fedha za kigeni wa miaka mingi. Mwaka 2020 Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, ilifuta leseni za maduka ya kubadilisha fedha, yakaruhusiwa tena mwaka 2022, na pengo kati ya bei rasmi ya dola na ya mtaani limebaki kubwa. Mwenye kikundi kidogo akiomba dola benki husubiri, na profoma ina tarehe ya kuisha. Kununua dola mtaani ni kinyume cha sheria, na ukiibiwa huko huna pa kushtaki. Ndiyo maana watu humpa wakala aliyevuka ziwa.

Siwalaumu. Nasema tu kwamba kumpa wakala hakuondoi hatari yoyote niliyoitaja, kunaongeza moja: wakala mwenyewe. Kwa hiyo mfanye alipe kama ambavyo wewe ungelipa. Alipe kutoka akaunti ya kampuni yake iliyoko benki, kwa jina la kampuni ya muuzaji, akitaja namba ya profoma yenu kwenye sehemu ya maelezo ya malipo. Akupe nakala ya ujumbe wa malipo wenyewe, ule wa `pacs.008` uliochukua nafasi ya MT103, wenye namba ndefu ya ufuatiliaji iitwayo UETR. Picha ya risiti tu haitoshi, maana hutengenezwa kwa simu. Benki iliyotuma inaweza kuifuata namba hiyo na kuona fedha zimefika wapi, na muuzaji mtumie uleule ujumbe umuulize ameona kiasi gani. Atakuta dola ishirini au thelathini zimepungua, makato ya benki za kati. Hilo ni la kawaida, na mara nyingi huepukwa kwa kuchagua `OUR` kwenye fomu badala ya `SHA`. Ujira wa wakala uwe kiasi kilichoandikwa, usifichwe ndani ya bei ya dola, ili ujue mashine imegharimu kiasi gani.

"Zikiibwa, kuna kijana anayejua kuzirudisha."

Huyu huja wiki chache baada ya wizi, na mara nyingi ni walewale waliokuibia, kwa sababu ndio wenye orodha ya walioibiwa. Anajiita mwanasheria, mtaalamu wa mitandao au afisa wa polisi wa kimataifa. Fedha zako zimepatikana, anasema, inatakiwa ada ya dola 200 kuzifungua. Ni mtego uleule ukianza upya.

Kinachoweza kusaidia hufanyika saa za kwanza, si wiki za baadaye. Ukigundua, nenda benki iliyotuma siku hiyohiyo, au mfanye wakala aende, ukiwa na nakala ya ujumbe wa malipo, na uandike kwa maandishi ombi la kusitisha na kurejesha kwa sababu ya udanganyifu. Neno udanganyifu liandikwe, maana benki ya upande wa pili hulishughulikia tofauti na ombi la mteja aliyebadili mawazo. Toa ripoti polisi na upeleke namba yake benki, kwa kuwa kuzuia akaunti mara nyingi kunahitaji namba hiyo. Kama ulilipa kwa kadi, fungua pingamizi kwa benki iliyoitoa. Kama ulilipa ndani ya jukwaa, fungua madai kabla ya muda kufungwa, na uendelee kuongea na muuzaji ndani ya jukwaa tu, ili kila neno lake libaki pale mwamuzi atakapolisoma.